Waya inasoma 94, waifai inasoma 38: kosa ni la ruta au la mtoa huduma?

Swali: Nimelipia faiba ya Mbps 200. Kwenye simu, waifai inanipa 35 mpaka 40 tu. Nimechomeka waya kwenye laptopu nikapata 94. Mtoa huduma anasema laini ni nzima, tatizo ni ruta yangu. Aliyeniuzia ruta anasema ruta haina shida, niwabane mtoa huduma. Nimwamini nani?

Jibu: Kwa sasa usimwamini yeyote, maana namba ulizonazo bado hazimtii mtu hatiani. Lakini moja kati ya hizo inatia shaka kubwa, nayo ni hiyo 94. Laini ya Mbps 200 iliyozidiwa na watumiaji huyumba: mara 130, mara 71, mara 112. Inapoganda kwenye 94 au 95 kila ukipima, karibu kila mara kuna waya au tundu mahali fulani linalofanya kazi kwa Mbps 100 badala ya 1000. Hiyo 38 ya simu ni tatizo jingine kabisa lenye chanzo chake. Ukiyachanganya matatizo haya mawili utanunua ruta mpya, na itakapofungwa utapata 94 ileile.

Ili kuyatenganisha, fikiria njia ambayo data inapita. Kipande cha kwanza ni laini ya mtoa huduma mpaka kwenye kisanduku chake cha faiba kilichofungwa ukutani. Cha pili ni ule waya mfupi unaotoka kwenye kisanduku hadi tundu la ruta lililoandikwa WAN, pamoja na ruta yenyewe. Cha tatu kinatoka kwenye ruta hadi kwenye kifaa chako, ama kwa waya ama hewani. Kipimo cha kasi hakikuonyeshi kasi ya kipande fulani; kinakuonyesha kasi ya kipande chembamba kuliko vyote njiani. Kwa hiyo kipimo kimoja, hata ukikirudia mara ishirini, hakitakuambia kosa liko wapi. Kinachosema ni tofauti ya vipimo viwili vilivyofanywa wakati kitu kimoja tu kimebadilishwa.

Hapo ndipo vipimo vyako vimepwaya kidogo. Umelinganisha simu kwa waifai na laptopu kwa waya, yaani umebadilisha kifaa na njia kwa pamoja. Rudia kwa laptopu ileile, mara kwa waya na mara kwa waifai, ikiwa mezani karibu na ruta. Kabla ya kuanza, zima VPN kama unayo, simamisha masasisho ya programu na hifadhi ya mtandaoni inayopakia picha kimyakimya, na uondoe vifaa vingine vyote kwenye waifai. Televisheni moja inayoonyesha filamu ya ubora wa juu hula Mbps 15 hadi 25, na huwezi kuiona kwenye kipimo. Utaona tu namba iliyopungua.

Unapopima kwa waya, zima waifai ya laptopu kabisa, usitegemee kwamba itajizima yenyewe. Kompyuta nyingi huutanguliza waya, lakini waya ukilegea hurudi hewani bila kukuambia, nawe ukaandika namba ya waifai ukidhani ni ya waya. Kitu kingine ni seva. Kurasa za kupima kasi hukuchagulia seva zenyewe, na leo zinaweza kukupa hii, kesho ile. Ichague mwenyewe na uishikilie hiyohiyo kwa vipimo vyote. Pima mara tatu mfululizo, chukua namba ya katikati, na uandike kasi ya kupakua, ya kupakia, saa, na jina la seva. Usisahau pia kwamba kivinjari kinapopakua faili huandika MB/s, na B kubwa ni baiti yenye biti nane. Mbps 200 ni MB/s 25. Wapo wanaolalamikia laini nzima kwa sababu wameona 24 kwenye faili wanalopakua.

Sasa turudi kwenye 94. Haikutokea kwa bahati. Data inaposafiri kwenye waya wa mtandao hufungwa kwenye vifurushi, na kila kifurushi huchukua nafasi ya baiti 1538 kwenye waya ingawa mzigo wako ndani yake ni baiti 1460 au 1448. Zilizobaki ni anwani, uhakiki na nafasi ya kupumulia kati ya kifurushi na kingine. Gawa 1460 kwa 1538 utapata asilimia 94.9, gawa 1448 utapata 94.1. Ndiyo maana muungano wa Mbps 100 uliojaa pomoni husoma 94 au 95, na ule wa gigabiti, yaani Mbps 1000, ukijaa husoma kama 940. Kwa fundi, 94 inasema kwamba waya umejaa, si kwamba laini ni dhaifu.

Kwanza angalia laptopu na ruta zimekubaliana kasi gani. Kwenye Windows fungua PowerShell, waya ukiwa umechomekwa, kisha andika:

```
Get-NetAdapter | Format-Table Name, Status, LinkSpeed
```

Tazama mstari wa `Ethernet` chini ya `LinkSpeed`. Kwenye Linux amri ni `ethtool` ikifuatwa na jina la tundu, nawe utafute neno `Speed`. Majibu yanayowezekana ni mawili, na kila moja linakupeleka upande tofauti.

Likisoma `100 Mbps`, shina la kosa liko kati ya laptopu na ruta, na hapo mtoa huduma hana la kujibu kwa kipimo hicho. Anza na waya. Muungano wa Mbps 100 unatumia jozi mbili tu za nyaya ndogo, zile zinazofika kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inahitaji jozi zote nne. Jozi ya buluu au ya kahawia ikikatika, ikibanwa vibaya kichwani au ikiachwa na fundi aliyetaka kuokoa muda, vifaa viwili hushindwa kuelewana kwa gigabiti na hushuka hadi 100, taa zikiendelea kumeta kama kawaida. Tazama kichwa cha plastiki kwa mwanga mzuri: lazima uone nyaya nane zimefika mwisho kabisa, chini ya pini za shaba. Waya ulioandikwa Cat 5e au Cat 6 ubavuni unatosha kwa kazi hii, ila maandishi hayathibitishi kwamba vichwa vilifungwa sawasawa. Badilisha waya kwa mwingine unaoujua ni mzima, jaribu tundu jingine la LAN, yaani yale ya ruta ya kuchomekea vifaa vya nyumbani, kisha usome `LinkSpeed` tena. Ikibaki 100 kwa kila waya na kila tundu, soma lebo au maelezo ya ruta. Ruta za bei ya chini, hata zile zilizoandikwa namba kubwa za waifai kwenye boksi, mara nyingi zina matundu ya Mbps 100 tu. Laptopu za zamani nazo zinaweza kuwa na tundu la aina hiyo, vivyo hivyo vile viunganishi vya USB vya bei rahisi.

Likisoma `1 Gbps` na bado kipimo kinasimama kwenye 94, hapo ndipo wengi huishia kumlaumu mtoa huduma kabla ya wakati. Bado kuna waya ambao hujaukagua: ule mfupi kati ya kisanduku cha faiba na tundu la WAN. Ukiwa umeshuka hadi 100, basi nyumba nzima inanyonya kupitia bomba la 100, waya kwa waifai, ingawa laptopu inakuonyesha gigabiti kwa kipande chake. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, kwa kawaida kwa kuandika `192.168.1.1` au `192.168.0.1` kwenye kivinjari, na utafute hali ya WAN. Ruta nyingi huandika 100M au 1000M hapo. Zisizoandika mara nyingi zina taa yenye rangi mbili, na maana ya kila rangi imo kwenye kijitabu chake. Waya huo ndio huwa umekanyagwa nyuma ya kabati, au umekunjwa kona kali, na hakuna anayeukumbuka tangu siku ulipofungwa.

Kuna njia ya haraka ya kutambua kama 94 ni ya waya au ni mtoa huduma aliyekufungulia kifurushi cha 100 kwa makosa: angalia kasi ya kupakia. Kizuizi cha waya hubana pande zote mbili. Kama kifurushi chako ni 200 kwenda na 200 kurudi, na unaona 94 kupakua lakini 190 kupakia, basi waya hauna hatia kabisa, kwa sababu muungano wa 100 hauwezi kupitisha 190. Zote zikiganda kwenye 94, utafute waya kwanza.

Ukishahakikisha kila muungano ni wa gigabiti na waya bado unakupa pungufu, ondoa ruta njiani. Chomoa ule waya kwenye tundu la WAN la ruta na uuchomeke moja kwa moja kwenye laptopu. Hiki ndicho kipimo kinachotenganisha ruta na mtoa huduma, na ndicho watu hukiruka kwa sababu mara nyingi kinagoma kwa mara ya kwanza. Kinagoma kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtandao wa mtoa huduma unaweza kuwa umeshakariri anwani ya MAC ya ruta yako, yaani namba yake ya utambulisho, na haumtambui mgeni. Zima kisanduku cha faiba, subiri dakika chache, kiwashe laptopu ikiwa tayari imechomekwa. Ya pili, laini nyingi za faiba hutumia PPPoE, yaani ruta huingia kwa jina na nywila. Itabidi utengeneze muunganisho wa PPPoE kwenye laptopu na uingize jina na nywila zilezile. Ziombe kwa mtoa huduma kabla hujachomoa chochote. Hakikisha pia ngome ya kompyuta imewashwa, maana kwa dakika hizo huna ruta ya kukukinga, na ukimaliza kupima rudisha waya mahali pake.

Ukipata 195 moja kwa moja na 120 kupitia ruta, ruta imehukumiwa kwa ushahidi. Hata hivyo usiitupe bado. Ingia kwenye mipangilio uzime mgao wa kasi unaoitwa QoS, udhibiti wa wazazi na takwimu za matumizi ya kila kifaa. Vitu hivi huilazimisha ruta kukagua kila kifurushi cha data kwa prosesa yake badala ya kuvipitisha kwa njia ya mkato ya chipu, na prosesa ndogo huishiwa pumzi mapema. QoS ina mtego mwingine: ina visanduku ambamo mtu huandika kasi ya laini. Aliyeifunga akiwa na kifurushi cha 50 na hakubadilisha namba alipopanda hadi 200, ruta itaendelea kumtii kwa uaminifu na kumpa 50. Baada ya hapo pakia programu endeshi mpya ya ruta, pima tena; ikibaki 120, hapo ndipo pesa ya ruta nyingine ina maana.

Kama mtoa huduma amekupa kisanduku kimoja chenye faiba, ruta na waifai ndani yake, kipimo hiki hakiwezekani. Lakini mgogoro wako unakuwa mfupi zaidi: kila kitu mpaka kwenye tundu la LAN ni mali yake, na kipimo cha waya kilichofanywa vizuri kwenye tundu hilo kinamhusu yeye moja kwa moja, iwe kosa ni la laini au la kisanduku.

Tuje kwenye 38 ya simu. Hapa nadhani hakuna kilichoharibika. Fungua maelezo ya waifai kwenye simu. Simu nyingi za Android huonyesha kasi ya muungano. Ikisoma Mbps 72, umepata jibu. Hiyo ndiyo kasi ya juu ya simu yenye antena moja kwenye bendi ya 2.4 GHz ikitumia chaneli yenye upana wa 20 MHz kwa kizazi cha Wi-Fi 4. Namba hiyo ni ya kwenye karatasi. Hewani, vifaa huzungumza kwa zamu, husubiriana, na hujibu kila ujumbe kwamba umefika; kinachobaki kwa ajili yako ni nusu, au karibu theluthi mbili hali ikiwa nzuri. Nusu ya 72 ni 36. Laptopu yenye antena mbili kwenye bendi hiyohiyo huunganishwa kwa 144 na kukupa kama 70 mpaka 90. Kwa hiyo hata laini ingekuwa ya Mbps 1000, simu yako kwenye 2.4 GHz ingebaki palepale kwenye 38.

Ihamishie kwenye bendi ya 5 GHz. Kama ruta yako inatumia jina moja kwa bendi zote mbili, lipe kila bendi jina lake kwa muda wa kupima, vinginevyo simu itachagua yenyewe na hutajua umepima nini. Kwenye 5 GHz kwa upana wa 80 MHz, kifaa chenye antena mbili cha kizazi cha Wi-Fi 5 huunganishwa kwa Mbps 866, na hata nusu yake inazidi kifurushi chako mara mbili. Kwenye laptopu ya Windows tazama hivi:

```
netsh wlan show interfaces
```

Soma mistari ya `Channel`, `Radio type`, `Receive rate (Mbps)` na `Signal`. Chaneli 1 hadi 13 ni za 2.4 GHz, kuanzia 36 na kuendelea, kwa laini za kawaida za nyumbani, ni 5 GHz. Kisha pima mara mbili: ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta bila kizuizi, halafu ukiwa pale unapokaa siku zote.

Ukipata karibu na kasi ya waya kwenye mita mbili na robo yake chumbani, ruta si mbovu wala laini si mbovu. Ni kuta na umbali. Bendi ya 5 GHz huchoka haraka ikikutana na zege, na dawa ni kuisogeza ruta katikati ya nyumba na juu, au kuvuta waya hadi kwenye kisambaza waifai kingine. Ukinunua kile kirudishi kinachopokea waifai na kuirusha tena, jua kwamba vingi huigawa kasi nusu kwa sababu hupokea na kutuma kwa redio ileile.

Ukiwa mita mbili na bado kasi ni duni kwenye 5 GHz, shaka inahamia kwenye redio ya ruta au kadi ya laptopu. Jaribu kifaa cha pili. Vikiwa duni vyote, kagua upana wa chaneli kama umewekwa 20 MHz, na kagua aina ya usalama. Usalama wa WEP, au WPA wenye TKIP, huufunga muungano kwenye 54 kwenda chini, kwa sababu kanuni za vizazi vipya haziruhusu kasi zao zitumike na usimbaji huo wa zamani. Weka WPA2 yenye AES au WPA3. Kwenye 2.4 GHz, ambayo bado utaihitaji kwa vifaa vya mbali, baki na 20 MHz na uchague kati ya chaneli 1, 6 na 11, kwa kuwa ndizo hazipandani. Anayechagua 3 akidhani amekimbia msongamano anasumbuliwa na majirani wa chaneli 1 na wa 6 kwa pamoja.

Ukitaka kuipima waifai bila kumhusisha mtoa huduma hata kidogo, tumia iperf3, programu inayopima kasi kati ya kompyuta mbili. Unahitaji kompyuta mbili: moja kwenye waya, nyingine kwenye waifai. Kwenye ile ya waya andika amri ya kwanza. Kwenye ya waifai andika ya pili, ukiweka anwani ya ile ya waya:

```
iperf3 -s
iperf3 -c 192.168.1.20 -t 30 -R
```

Data haitoki nje ya nyumba. Alama ya `-R` inaifanya ile ya waya itume na ya waifai ipokee, kama unavyopakua. Ikikataa kuungana, ngome ya kompyuta ya kwanza imezuia mlango 5201. Ukipata 420 hapa huku mtandao ukikupa 94, redio ya ruta imetoka safi na hakuna haja ya kuigusa.

Nikuwekee mfano wa namba zinavyosomwa kwa pamoja, kwa nyumba yenye kifurushi kama chako cha 200 kwenda na kurudi. Saa kumi na moja alfajiri waya unatoa 94 kupakua na 94 kupakia, `LinkSpeed` ya laptopu ni `1 Gbps`, ukurasa wa ruta unasema WAN ni 100M. Unabadilishwa waya mfupi wa WAN. Waya wa laptopu haujaguswa. Kipimo kinakuwa 193 na 191. Waifai ya laptopu mita mbili, 5 GHz, ni 186. Simu kwenye 2.4 GHz imebaki 38 na ikihamia 5 GHz inapanda hadi 178. Mpaka hapo mtoa huduma alikuwa na haki na ruta ilikuwa na haki. Aliyekosa ni waya wa urefu wa mkono mmoja. Lakini saa tatu usiku kipimo cha waya kinashuka hadi 67, kikipanda na kushuka. Waya umebaki uleule, ruta ileile, na alfajiri ilipitisha 193. Kilichobadilika ni saa tu, na ruta haijui saa.

Kuthibitisha hilo, wakati wa usiku na ukiwa kwenye waya, fungua madirisha mawili ya PowerShell na uendeshe amri hizi za ping kwa wakati mmoja, bila kupakua chochote. Ya kwanza hutuma ujumbe mdogo kwa ruta na kupima muda wa jibu, ya pili hufanya hivyo kwa seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti:

```
ping -n 100 192.168.1.1
ping -n 100 8.8.8.8
```

Kwa waya, ruta inapaswa kujibu ndani ya milisekunde moja au mbili bila kupoteza hata ujumbe mmoja. Ruta ikijibu vizuri huku ya pili ikipoteza tatu au nne kati ya mia, au muda wake ukiruka kutoka 20 hadi 250, kosa liko ng'ambo ya ruta. Ruta yenyewe ikiyumba kwenye waya, rudi kwenye waya na ruta. Usifanye jaribio hili kwa waifai, kwani hewani ping ya ruta huruka yenyewe mara kwa mara na itakuchanganya.

Umbo la upungufu nalo linasema. Namba iliyoganda chini ya kifurushi saa zote, miungano yote ikiwa ya gigabiti, ni dalili ya kifurushi kilichofunguliwa vibaya kwenye mitambo yao. Inayoshuka jioni na kurudi usiku wa manane ni msongamano. Inayokatika ovyo, na ujumbe wa ping kupotea saa yoyote, huashiria laini yenyewe: kiunganishi cha faiba kilichoingia vumbi au faiba iliyokunjwa kwa kona kali. Kama kisanduku chako kinaonyesha nguvu ya mwanga unaoingia, kwa faiba nyingi za majumbani za aina ya GPON kikomo cha chini ni kama dBm -27. Ukisoma -28 au -29, mwanga unaofika ni hafifu mno. Usisafishe kiunganishi hicho kwa shati wala kuchungulia ndani yake. Hiyo ni kazi ya fundi wao.

Jaribu pia seva mbili usiku huo, moja ya mtoa huduma mwenyewe na nyingine ya kampuni tofauti. Ikiwa ya kwake inatoa 190 na ya nje 60, laini mpaka kwako ni nzima. Kilichojaa ni njia yake ya kutoka kwenda mitandao mingine. Wahudumu wa simu hupenda kukuelekeza upime kwa seva yao peke yake, na kwa kosa la aina hii kipimo hicho kitasema kila kitu ni shwari.

Ukifika kwa mtoa huduma, usipeleke picha ya kipimo cha simu. Atakujibu "ni waifai yako" na atakuwa hajakosea. Mpelekee vipimo vya waya vilivyofanywa bila ruta, vya alfajiri na vya usiku kwa siku tatu, pamoja na `LinkSpeed`, jina la seva na matokeo ya zile ping mbili. Taja kabisa kwamba umepima moja kwa moja kwenye kisanduku chao na muungano ni wa gigabiti, maana hayo ndiyo maswali mawili ya kwanza ambayo fundi wa ngazi ya pili atauliza.